Nimefuta chati ya mteja, vokali za vipimo na picha za mshono zimekwenda wapi?

MamaSindano (Bukavu, Kadutu)
Jumapili 21 Julai 2024, saa 12:40 jioni

Jamani, hamjambo. Mimi ni mshonaji. Jana mchana telefone iliniandikia kwamba nafasi imejaa, haikubali hata kupiga picha ya kikwembe mteja akachague. Nikaingia WhatsApp, nikaanza kufuta machati marefu moja moja. Katika haraka hiyo nikafuta yote yaliyokuwa ndani ya chati ya mama mmoja ambaye binti yake anaolewa tarehe 3 Agosti. Jina lake bado liko pale, lakini ukifungua ndani ni peupe.

Mle ndani kulikuwa na vokali, zile jumbe za sauti, za vipimo vya watu sita: bibi harusi, mama mwenyewe na wasimamizi wanne. Kulikuwa pia na picha tano za mishono waliyochagua. Nimeangalia galari, hakuna kitu. Kumwambia huyu mama anitumie upya naona haya, maana nimeshakula avansi, na yeye ni mtu wa kusimulia. Kesho asubuhi soko zima la Kadutu litakuwa linajua.

Kijana mmoja wa telefone hapa karibu anasema atazirudisha kwa dola 20, nimwachie telefone siku mbili. Ni kweli inawezekana? Telefone ni Android, si ya zamani sana.

Msafiri_Mwanza
saa 12:58 jioni

Pole mama. Usitoe hiyo pesa. Ondoa WhatsApp kabisa kwenye simu, halafu iweke upya. Ukiingiza namba yako itakuuliza kama unataka kurudisha nakala, ukubali, na kila kitu kinarudi. Mimi nilifanya hivyo mwaka 2019, chati zikarudi na picha zake zote.

Bisibisi (Bukavu, Nyawera)
saa 1:07 usiku

Mama, kabla ya yote: USIONDOE WhatsApp. Ndugu yangu wa Mwanza ana nia nzuri, na kwa simu ya 2019 alisema kweli, lakini nitarudi kwake baadaye.

Nijibu mambo mawili. La kwanza, ulipofuta, kilitokea kidirisha cha kuthibitisha chenye kisanduku kidogo cha kutia tiki, kinachouliza kama picha na vitu vilivyopokelewa vifutwe pia kwenye galari. Ulikitia tiki au hapana? La pili, baada ya kufuta machati yote hayo, nafasi kwenye telefone iliongezeka?

MamaSindano
saa 1:15 usiku

Kisanduku sikumbuki kabisa, nilikuwa nabonyeza tu. Lakini nafasi hilo nakumbuka vizuri kwa sababu lilinikasirisha: kabla ilikuwa mega 310, na baada ya kufuta machati kama nane ilikuwa mega 312. Nikasema telefone hii imerogwa.

Bisibisi
saa 1:29 usiku

Haikurogwa, mama, na kukasirika kwako ndiyo habari njema. Machati manane ya mteja na mshonaji, yenye picha na vokali za miezi, hayawezi kuwa mega 2. Kilichofutwa ni maandishi na ile orodha inayoonyesha nini kilitumwa lini. Faili zenyewe ziko mahali pengine, na WhatsApp haikuzigusa. Kama ungetia tiki, ungeona nafasi imepanda kwa mamia ya mega.

Sasa fanya hivi. Fungua ile programu ya telefone ya kuona faili (si galari, mama, galari iache kwanza). Ingia kumbukumbu ya ndani, si karte. Kisha fuata njia hii, folda moja baada ya nyingine:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/
```

Hata kama telefone yako iko kwa Kifaransa, folda hizi zina majina haya haya. Ukifika mwisho utaona `WhatsApp Images`, `WhatsApp Video`, `WhatsApp Audio`, `WhatsApp Voice Notes` na nyingine. Anza na `WhatsApp Voice Notes` kwa sababu vokali ndizo zenye uhakika zaidi. Picha huenda zilishuka kwenye telefone au hazikushuka, inategemea umepanga vipi mambo ya mega za intaneti. Vokali hushuka zenyewe kila mara, hakuna mpangilio wa kuzizuia.

Usifute wala kuhamisha kitu. Fungua tu, uniambie unaona nini.

BiMkunazi (Mombasa)
saa 1:33 usiku

Samahanini kuingilia. Kwa hiyo mtu akifuta chati kila usiku kabla hajalala, vitu vyake bado vimo humo kwenye simu? Mume wangu hufuta. Nauliza tu.

Jembe_Lushi (Lubumbashi)
saa 1:36 usiku

Dada, "nauliza tu" yako nimeisikia hadi huku Katuba 😂

Bisibisi
saa 1:38 usiku

Dada yangu, mimi ni fundi wa telefone, ndoa sina vifaa vyake. Tumwache mama amalize.

MamaSindano
saa 2:02 usiku

Nimefika. Ila ndani ya `WhatsApp Voice Notes` hakuna vokali, kuna folda nyingi za namba tu: 202419, 202420, 202421, inaendelea hivyo hadi 202429. Hizi ni nini?

Bisibisi
saa 2:10 usiku

Hizo ni juma. Tarakimu nne za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni juma la ngapi la mwaka huo. Kila juma WhatsApp hufungua folda mpya ya vokali. Mteja alikutumia vipimo siku gani?

MamaSindano
saa 2:13 usiku

Alhamisi, siku ya kwanza ya kuongea bei. Si hii iliyopita, ile nyingine. Tarehe 11.

Bisibisi
saa 2:19 usiku

Tarehe 11 Julai ni juma la 28. Fungua 202428. Ndani utaona majina ya namna hii:

```
PTT-20240711-WA0014.opus
```

PTT ni alama ya sauti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp kwenyewe. Kinachofuata ni tarehe: mwaka, mwezi, siku. WA0014 ni namba ya mfuatano tu, na hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu jina la aliyetuma halipo popote. Vokali za wateja wako wote, za dada yako, za kikundi cha kanisa, zote zimechanganywa humo. Za tarehe 11 itabidi uzisikilize moja moja. Zipange kwa saa, kisha anza na saa mliyokuwa mnaongea.

Kama telefone inakataa kuicheza na kusema haijui aina hiyo, tumia VLC. Ukiwa huna, tengeneza nakala ya faili moja, na kwenye nakala hiyo badilisha mwisho wa jina kutoka `.opus` kuwa `.ogg`. Vicheza muziki vingi huikubali hapo.

sambaza_ya_leo (Goma)
saa 2:31 usiku

Mimi yangu ni kama ya mama, ila iPhone. Ninauza sambaza kwa jumla, na wateja wa Bukavu wananitumia picha za risiti za boti. Nilifuta chati juzi. Hiyo folda ya Android kwangu siioni popote, hata kwenye Files.

Bisibisi
saa 2:40 usiku

Huwezi kuiona, kaka. Kwa iPhone, WhatsApp huweka vitu ndani ya chumba chake yenyewe, na programu ya faili haiingii humo. Angalia Picha za kawaida: kama ulikuwa umeruhusu WhatsApp ihifadhi picha kwenye simu, risiti ziko kule, kwa sababu ile ni nakala nyingine. Kama hukuruhusu, imebaki nakala ya iCloud ya kabla ya siku ya kufuta, au kumwomba mteja. Kwa risiti, kumwomba mteja ni dakika mbili.

MamaSindano
saa 3:20 usiku

NIMEZIPATA!! Aksanti, aksanti sana, mungu akubariki. Nilisikiliza thelathini na kitu. Nimesikia hadi vokali ya mkwe wangu ya mambo ambayo sikutaka kuyakumbuka. Lakini vipimo viko: mama mwenyewe, wasimamizi wanne, wote watano. Tena sauti yangu mwenyewe imo katikati, ninarudia namba, "kiuno 84, nyonga 108", kumbe hata zangu nilizotuma zimehifadhiwa humo humo.

Inayokosekana ni ya bibi harusi. Nimesikiliza folda nzima ya juma lile mara mbili. Yule ndiye mwenye gauni! Na picha bado sijazitafuta.

Msafiri_Mwanza
saa 3:26 usiku

Hongera mama. Hiyo moja labda alisikiliza akaifuta mwenyewe kwa watu wote.

Bisibisi
saa 3:34 usiku

Inaweza kuwa hivyo, na kama aliyetuma alifuta kwa wote, basi usitegemee kuiona kwenye folda. Lakini mama angekumbuka, maana chati huandika kwamba ujumbe umefutwa. Mama, hebu kumbuka: huyo binti alibonyeza kipaza sauti cha WhatsApp akaongea, au ilikuja kama faili, kama wimbo?

MamaSindano
saa 3:41 usiku

Eee! Yeye yuko shule Uvira. Alijirekodi kwa telefone ya rafiki yake, wakampelekea mama, mama akanitumia. Ilikuwa na alama ya muziki, si ule mstari wa mawimbi na picha ya mtu.

Bisibisi
saa 3:45 usiku

Basi toka kwenye Voice Notes, ingia `WhatsApp Audio`. Huko hakuna folda za juma. Tafuta jina linaloanza na AUD-20240711. Kama uliisikiliza wakati ule, iko, kwa sababu usingeweza kuisikiliza bila kuishusha kwanza.

MamaSindano
saa 3:49 usiku

AUD-20240711-WA0021. Ni yeye. Kifua 92, kiuno 70. Nimekaa chini.

Bisibisi
saa 3:58 usiku

Sasa kabla hujalala, zikopi zote sita uziweke kwenye folda nyingine nje ya hiyo `Android`, mfano kwenye Download, na uzipe majina ya watu. Nasema zikopi, si kuzihamisha.

Picha sasa. Ingia `WhatsApp Images`. Usipoziona hapo juu, ndani yake kuna folda mbili: `Sent`, zile ulizotuma wewe, na `Private`. Mtu akiwa amezima ile ya kuonyesha picha za WhatsApp kwenye galari, zinazopokelewa huingia `Private`. Humo mna faili ndogo iitwayo `.nomedia`, inayoiambia galari "pita, hapa hapakuhusu". Kwa hiyo galari kuwa tupu si ushahidi kwamba picha hazipo. Vokali nazo zimewekewa faili kama hiyo, la sivyo zingekuwa zinajichomeka kati ya nyimbo zako.

MamaSindano
Jumatatu 22 Julai, saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. `Private` ipo, mtoto wangu alizima mambo ya galari mwezi wa tano ili picha za vikundi zisimjazie. Ndani kuna picha mbili za tarehe 12: gauni la bibi harusi kwa mbele, na libaya la wasimamizi. Tatu hazipo. Gauni kwa nyuma halipo, na nyuma ndiko kwenye kazi, kuna kamba za kufunga hadi kiunoni.

Bisibisi
saa 1:40 asubuhi

Hizo tatu ulizifungua zikaonekana vizuri, au zilibaki na ukungu na mshale wa kushusha?

MamaSindano
saa 1:44 asubuhi

Ukungu. Siku ile sikuwa na mega za kutosha, nilifungua mbili nikasema nyingine nitaziona nikipata mega. Sasa kusema kweli gauni kwa nyuma niliona kwenye telefone ya mama mwenyewe alipopita dukani.

Bisibisi
saa 1:52 asubuhi

Hizo hazikufutwa, mama. Hazijawahi kufika. Ule ukungu ni kipande kidogo kinachokuja na ujumbe, na ujumbe ndio ulioufuta. Hakuna folda wala fundi atakayezitoa kwenye telefone yako, na yule wa dola 20 angekaa nayo siku mbili akupe hizo hizo mbili ulizozipata usiku.

Tena niseme kuhusu hizo programu za "kurudisha picha". Telefone za sasa huandika kila kitu kikiwa kimefungwa kwa ufunguo, na faili ikifutwa kweli, ile sehemu husafishwa. Programu ikikuonyesha picha nyingi ndogo ndogo zilizochakaa, hizo ni vijipicha vya galari. Ukikuza, huoni hata kushona kulikuwa kwa nyuzi au kwa gundi. Nimeletewa telefone nyingi za namna hiyo, baada ya pesa kuliwa.

Jembe_Lushi
saa 2:05 asubuhi

Fundi hapo nakuunga mkono kwa uchungu. Mimi mwaka jana nilifuta chati ya kikundi cha familia na nilitia kile kisanduku tiki, nakumbuka, nilitaka nafasi. Humo kulikuwa na vokali ya mwisho ya marehemu baba. Nikaenda kwa watu watatu mjini, hakuna aliyeweza. Folda ya juma lile ipo, vokali za watu wengine zimo, ya kikundi hakuna hata moja. Galari haina kitu kwenye takataka yake.

Bisibisi
saa 2:20 asubuhi

Pole sana kaka. Takataka ya galari hushika kile ulichofuta kwa kupitia galari. WhatsApp ikifuta yenyewe haipitii pale. Lakini ilikuwa kikundi: kila aliyekuwemo aliishusha vokali hiyo kwenye telefone yake. Tafuta shangazi au mjomba asiyefuta kitu, mwenye telefone ya Android na aliyekuwemo kikundini wakati ule. Mwambie tarehe, akutafutie folda ya juma. Hata kama naye alifuta chati bila kutia tiki, iko kwake.

Jembe_Lushi
saa 2:24 asubuhi

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Kuna shangazi Likasi. Nampigia.

Msafiri_Mwanza
saa 2:50 asubuhi

Fundi, uliahidi kurudi kwangu. Kosa langu liko wapi? Mimi ilinirudishia kweli.

Bisibisi
saa 3:25 asubuhi

Ilirudisha kwa sababu mwaka ule folda ya WhatsApp ilikaa nje peke yake kwenye kumbukumbu ya simu. Ukiondoa programu, folda inabaki. Kuanzia Android 11 imehamia ndani ya `Android/media/com.whatsapp`, yaani folda yenye jina la programu, na programu ikiondolewa inaweza kwenda na folda yake. Mama angefuata ushauri wako jana jioni bila kukopi kwanza, huenda leo tungekuwa tunaongea lugha nyingine.

Njia yako ipo lakini ina bei. WhatsApp hutengeneza nakala ya machati ndani ya simu kila usiku saa 8, na huziweka za siku saba. Ziko kwenye folda `Databases`, pembeni ya `Media`, kwa mfano:

```
msgstore-2024-07-20.1.db.crypt14
```

Hiyo ya tarehe 20 ingekuwa na chati ya mama, kwa sababu alifuta mchana wa siku ile. Ili kuirudisha unakopi folda nzima ya WhatsApp nje, kwenye kompyuta au karte, unaondoa programu, unaweka upya, unairudisha folda, unaibadilisha jina nakala hiyo iwe `msgstore.db.crypt14`, ndipo unathibitisha namba. Kila kilichoandikwa baada ya saa 8 usiku wa tarehe 20 kinapotea. Na telefone ikiona nakala ya Google kwanza, itakupa hiyo badala ya ile unayotaka.

Msafiri_Mwanza
saa 3:31 asubuhi

Sawa, nimekubali nusu. Binamu yangu ana Android 12, aliondoa WhatsApp na folda haikufutika. Nimeiona kwa macho.

Bisibisi
saa 3:36 asubuhi

Kuna simu zinazouliza wakati wa kuondoa kama data ibaki, labda alikubali. Mimi sibahatishi kwa telefone ya mteja.

MamaSindano
saa 6:10 mchana

Nimesoma yote. Swali la mwisho. Urefu wa mikono ya bibi harusi haumo kwenye sauti. Yeye aliuandika kwa maandishi, baadaye, mstari mmoja tu. Upo kwenye folda gani?

Bisibisi
saa 6:18 mchana

Haupo kwenye folda yoyote, mama. `Media` ni ya faili kama picha, video na sauti, si ya maandishi. Maandishi yako ndani ya ile `msgstore` niliyoitaja, na hiyo huwezi kuifungua ukaisoma kama barua. Ukitaka, pita Nyawera tuifanye pamoja, dukani kwangu ni kukopi kwanza ndipo kugusa. Nakala ya tarehe 20 itafutwa baada ya siku saba, kwa hiyo njoo kabla ya Jumamosi ijayo.

MamaSindano
saa 8:45 mchana

Nimefikiria. Tangu Jumamosi nimepokea oda nne mpya na ahadi moja ya malipo kwa maandishi, sitaki kuzipoteza kwa mkono mmoja wa gauni. Binti anatoka Uvira Alhamisi. Nitakata mikono mirefu, nitaishika kwa uzi wa kupitisha, ajaribishe, tupunguze palepale. Hata bila mambo ya telefone, bibi harusi lazima ajaribishe.

Na picha ya gauni kwa nyuma nimemwomba mama wa binti. Nimemwambia mega ziliisha zisifunguke, jambo ambalo ni kweli. Ameituma, na vokali ya dakika nne juu yake.

BiMkunazi
saa 9:02 alasiri

Swali langu bado halijajibiwa.